"Mshipa umeziba asilimia 70": maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kusoma picha ya anjiogramu ya moyo

Maswali haya huulizwa na wagonjwa, ndugu zao, na wakati mwingine madaktari vijana na wauguzi waliohamia chumba cha katheta hivi karibuni. Karibu yote yanazunguka jambo moja: ile namba ya asilimia iliyoandikwa kwenye ripoti. Kwa hiyo nitakaa zaidi hapo, na mengine nitayapitia kwa haraka.

Ile picha nyeusi na kijivu inaonyesha mishipa yenyewe?

Hapana. Inaonyesha dawa iliyomo ndani ya mishipa. Daktari hupitisha katheta, yaani mrija mwembamba, kutoka kwenye mkono au paja hadi kwenye mdomo wa mshipa wa moyo. Hapo husukuma mililita chache za dawa yenye iodini, ambayo eksirei haipenyi kirahisi. Kwa sekunde chache njia ya damu inajaa dawa na kuonekana nyeusi, kisha damu inaisukuma dawa mbele na picha inafifia.

Ukuta wa mshipa hauonekani kabisa, wala mafuta yaliyojikusanya ndani ya ukuta huo. Unachokiona ni kivuli cha njia iliyobaki wazi. Palipo na msinyao, kivuli kinakuwa chembamba. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yanayofuata utaweza kuyajibu mwenyewe.

Kitu kingine: hii si picha moja, ni video. Mitambo mingi hurekodi fremu 15 kwa sekunde au chini kidogo ya hapo, na msomaji huirudisha nyuma na mbele mara kadhaa. Picha moja iliyochapishwa kwenye karatasi na kubandikwa kwenye ripoti ni kumbukumbu tu, haitoshi kutolea uamuzi.

Mishipa yenyewe ni mingapi, na hizo herufi ni za nini?

Upande wa kushoto kuna shina moja fupi, linaloandikwa LM. Shina hilo linagawanyika: tawi la mbele, LAD, linashuka kuelekea ncha ya moyo, na tawi la pili, LCX, linazunguka kwenda nyuma. Upande wa kulia kuna RCA, unaotoka peke yake. Matawi madogo ya LAD yanayokwenda pembeni huandikwa D1, D2, na ya LCX huandikwa OM1, OM2. Kila mshipa mkubwa hugawanywa vipande vitatu: mwanzo (proximal), katikati (mid) na mwisho (distal). Msinyao wa mwanzo wa LAD una uzito kuliko wa mwisho wa LAD hata kama asilimia zinalingana, kwa sababu nyama ya moyo inayotegemea damu ya hapo ni kubwa zaidi.

Hiyo asilimia inapimwaje? Kuna mashine inayoitoa?

Mara nyingi ni jicho la daktari. Programu za kupima zipo na hutumika, lakini katika kazi ya kila siku daktari huangalia na kukadiria. Hesabu iliyo nyuma ya makadirio hayo ni hii: unapima kipenyo cha njia mahali palipobana zaidi, unapima kipenyo cha mshipa huohuo mahali panapoonekana pazima karibu na hapo, kisha unatafuta pengo kati ya viwili hivyo.

Tuchukue mfano ambao tutautumia hadi mwisho. Mwanamume wa miaka 58 anabanwa na kifua akipanda ngazi, na akipumzika kinaachia. Katheta iliyotumika ni ya saizi 6 Fr. Fr moja ni theluthi ya milimita, kwa hiyo upana wa nje wa katheta hiyo ni milimita 2. Kwa kuwa katheta inaonekana kwenye picha na upana wake unajulikana, inatumika kama rula. Katikati ya LAD kuna mahali pamebana. Juu ya pale mshipa una milimita 3.2, chini yake milimita 2.8, kwa sababu mishipa hupungua unene kadiri inavyotoa matawi. Wastani wa hapo katikati ni milimita 3.0. Pembamba zaidi pana milimita 1.2.

```
(3.0 - 1.2) / 3.0 x 100 = 60%
```

Hiyo 60 ni asilimia ya kipenyo kilichopotea, na ripoti nyingi za anjiogramu zinazungumzia kipenyo. Lakini damu haipiti kwenye mstari, inapita kwenye duara. Ukihesabu eneo la duara, kipenyo kilichobaki ni 0.4 ya cha awali, na 0.4 mara 0.4 ni 0.16. Maana yake eneo lililobaki ni asilimia 16, na lililopotea ni 84. Msinyao huohuo mmoja unaweza kuitwa 60 au 84, na wote wawili waliosema hivyo wako sahihi. Kwa hiyo ukikutana na namba mbili zinazotofautiana sana, uliza kwanza kama zote ni za kipenyo. Vipimo vya ultrasaundi ya ndani ya mshipa, kwa mfano, hutaja eneo mara nyingi.

Daktari wa kwanza alisema 50, wa pili akasema 70. Nani mkweli?

Pengine wote. Rudi kwenye mfano wetu. Ile milimita 1.2 haibadiliki, lakini kipande cha kulinganishia kinaweza kubadilika. Tuseme daktari amechagua sehemu ya chini zaidi, ambako mshipa una milimita 2.4. Hapo msinyao unakuwa asilimia 50. Mwenzake akichagua sehemu ya juu kabisa, kabla ya tawi kubwa kutoka, penye milimita 3.6, anapata asilimia 67, na mdomoni atasema "kama 70 hivi". Mshipa ni uleule na picha ni ileile.

Kanuni nzuri ni kuchukua sehemu zilizo karibu, juu na chini ya msinyao, bila kuruka tawi kubwa. Kanuni ni rahisi kuitamka. Ugumu unakuja pale ambapo hakuna kipande kizima karibu, na hilo nitalieleza kwenye swali la kisukari.

Kuna pia udhaifu wa macho. Inajulikana tangu zamani kwamba wasomaji wazoefu hutofautiana wakitazama filamu moja, na kwamba jicho huelekea kuuongeza ukali wa msinyao ukilinganisha na kipimo cha programu. Tofauti ya asilimia 10 kati ya madaktari wawili isikukoseshe usingizi. Tofauti ya 40 na 80 inahitaji filamu ifunguliwe tena na wote wawili waitazame pamoja.

Kwa nini mtambo unazungushwa na picha kupigwa mara nyingi? Si dawa na mionzi vinaongezeka?

Vinaongezeka, na ndiyo maana pembe huchaguliwa kwa makusudi. Lakini pembe moja haitoshi kamwe.

Sababu ya kwanza ni kwamba msinyao mara nyingi si wa duara safi. Mafuta hukaa upande mmoja wa ukuta, na njia iliyobaki inakuwa bapa. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani uliokanyagwa na gari: ukiutazama kutoka juu ni mpana, ukiutazama kutoka ubavuni ni mwembamba. Anjiogramu inatoa kivuli cha upande mmoja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kila msinyao unapaswa kuonekana kwenye pembe angalau mbili zinazotofautiana vizuri, na asilimia inayoandikwa ni ya ile pembe inayoonyesha wembamba zaidi, mradi mshipa hapo uko wazi bila kufunikwa.

Sababu ya pili ni mshipa unaoelekea kwenye kamera au kwenda mbali nayo. Hapo urefu wake hujikunja kwenye picha, na msinyao mfupi unaweza kujificha kabisa ndani ya weusi. Sababu ya tatu ni matawi kupishana. Pale LAD inapopita juu ya tawi lake, utaona weusi mzito na pembeni yake kitu kama msinyao, kumbe ni vivuli viwili vimelaliana.

Kwenye kona ya skrini utaona herufi za pembe. LAO maana yake kamera imeegemea upande wa kushoto wa mgonjwa, RAO upande wa kulia. CRAN imeinamia kichwani, CAUD miguuni. Njia ya haraka ya kujua uko wapi bila kusoma herufi ni kutafuta uti wa mgongo: ukiwa upande wa kulia wa picha, hiyo ni LAO, ukiwa kushoto, ni RAO. RCA hupendwa kutazamwa kwa LAO, ambako huchora umbo la herufi C. Katikati ya LAD huonekana vizuri kwa RAO CRAN. LCX hufunguka kwa RAO CAUD. Na kwa njiapanda ya shina la kushoto kuna LAO CAUD, ambayo vyumbani tunaiita buibui, kwa jinsi matawi yanavyotawanyika.

Kwa mgonjwa wetu, RAO CAUD ilionyesha LAD kama yenye msinyao wa asilimia 40 tu, kwa sababu katikati yake imejikunja kwenye pembe hiyo. RAO CRAN ndiyo iliyoonyesha 60. Kama wangeishia kwenye ile ya kwanza, angerudi nyumbani na jibu jingine.

Ripoti yangu imeandikwa hivi. Nisaidie kuisoma.

```
LM:  normal
LAD: mid 60% stenosis, eccentric, TIMI 3
LCX: OM1 40%
RCA: dominant, mild irregularities
FFR mid LAD: 0.76
```

Mstari wa kwanza: shina la kushoto halina tatizo linaloonekana. Wa pili: katikati ya LAD pana msinyao wa asilimia 60, mafuta yako upande mmoja, na damu inafika mwisho wa mshipa kwa kasi ya kawaida. Wa tatu: tawi la kwanza la LCX lina msinyao wa 40. Wa nne: RCA ndiyo inayotoa tawi la kulisha sehemu ya chini na nyuma ya moyo, jambo ambalo ni la kawaida kwa watu wengi na si ugonjwa, kingo zake hazikunyooka sana, yaani kuna mafuta kidogo yasiyobana. Wa tano ni kipimo cha presha ndani ya mshipa, na una swali lake hapo chini.

Neno "dominant" huwatisha watu bure. Halihusiani na ukali wa ugonjwa.

Ngazi za ukali zikoje?

Kwa desturi ya anjiogramu, chini ya 50 huitwa kidogo, kati ya 50 na 69 wastani, 70 hadi 99 kali, na 100 ni kuziba kabisa. Baadhi ya madaktari huanza wastani kwenye 40. Hospitali moja inaweza kuandika "non-significant" kwa chochote chini ya 50, nyingine ikaandika namba na kuacha hapo.

Mipaka hii haikutoka hewani. Mwaka 1974 Lance Gould na wenzake walionyesha kwa majaribio ya mbwa kwamba moyo ukiwa umepumzika, mtiririko wa damu haushuki hadi kipenyo kipungue kwa takriban asilimia 85. Lakini moyo ukilazimishwa kupokea damu nyingi kadiri unavyoweza, uwezo huo huanza kupungua mapema zaidi, kabla msinyao haujafika asilimia 50. Ndiyo maana mgonjwa wetu hana maumivu akiwa amekaa, ila ngazi zinamshinda.

Kwa nini shina la kushoto likiwa na 50 tu madaktari wanashtuka?

Kwa sababu linalisha LAD na LCX kwa pamoja, yaani sehemu kubwa ya chumba cha kushoto cha moyo. Kwa LM mpaka wa msinyao wenye maana ni 50, si 70.

Ni mshipa mgumu kuusoma pia. Ni mfupi, mara nyingine mafuta yameenea tangu mwanzo hadi mwisho wake, na mdomo wake unaweza kufunikwa na katheta yenyewe au na dawa inayorudi kwenye aota, mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo. Hapa msomaji mzuri haangalii picha peke yake. Anaangalia pia wimbi la presha linalotoka kwenye ncha ya katheta. Katheta ikiingia mdomoni na presha ikashuka ghafla au wimbi likabadilika umbo, huenda ncha imeziba njia iliyokwisha kubana. Katheta hutolewa mara moja, na dawa husukumwa kidogo kidogo huku ncha ikiwa nje ya mdomo. Picha ikibaki na utata, huingizwa ultrasaundi ya ndani ya mshipa. Kwa LM, eneo la njia lisilopungua milimita za mraba 6 huchukuliwa na wengi kuwa linaweza kuachwa bila kuguswa.

TIMI 3 ni alama nzuri au mbaya?

Nzuri. TIMI ni ngazi ya mtiririko, 0 hadi 3. Sifuri: dawa haipiti kabisa. Moja: inapenya kidogo mbele ya msinyao lakini haifiki mwisho. Mbili: inafika mwisho ila kwa kuchelewa. Tatu: inafika na kuondoka kwa kasi ya kawaida.

Watu huchanganya TIMI na asilimia. Ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na msinyao wa 80 na bado TIMI 3, kwa sababu picha hupigwa akiwa amelala ametulia. Hivyo TIMI 3 haifuti msinyao. TIMI 0 au 1 kwa mtu mwenye maumivu ya kifua yanayoendelea, kwa upande mwingine, ni dharura ya dakika hizo hizo.

FFR ni nini, na kwa nini ilipimwa wakati picha ipo?

Kwa sababu picha inaonyesha umbo, na swali la daktari ni kama umbo hilo linaunyima moyo damu. Katika eneo la wastani, umbo hujibu vibaya.

Waya mwembamba wenye kipima presha hupitishwa hadi ng'ambo ya msinyao. Mgonjwa hupewa adenosini ili vijishipa vidogo vya moyo vifunguke na damu ipite kwa wingi. Kisha presha mbili husomwa kwa pamoja: ya aota na ya ng'ambo ya msinyao. Mshipa mzima hauna tofauti ya maana kati ya hizo mbili, na uwiano wake ni 1. Kwa mgonjwa wetu aota ilisoma 90 na ng'ambo 68. Ukigawanya 68 kwa 90 unapata 0.76. Mpaka ni 0.80, kwenye 0.80 au chini yake, msinyao unahesabiwa kuwa unazuia damu. Kipimo kingine kinachofanana nacho, iFR, hakihitaji adenosini, na mpaka wake ni 0.89.

Takwimu za utafiti wa FAME, zilizochapishwa 2010, zinaonyesha jinsi macho yanavyodanganya. Misinyao iliyokadiriwa kuwa 50 hadi 70 ilipopimwa FFR, ni asilimia 35 tu iliyokuwa inazuia damu. Kwenye 71 hadi 90, ilikuwa asilimia 80. Yaani mmoja kati ya mitano haukuwa na madhara ya mtiririko ingawa kwa macho ulikuwa mkali. Juu ya 90 hakukuwa na ubishi mkubwa: asilimia 96 ilizuia damu.

Nini kinatofautisha msinyao wa 60 unaozuia na ule usiozuia? Urefu wake ni mmojawapo: milimita 25 za njia nyembamba zinapoteza presha nyingi kuliko milimita 6. Nyama ya moyo iliyo mbele yake ni jambo lingine. Sitini ya katikati ya LAD ina kazi kubwa ya kupitisha. Sitini ya tawi dogo la milimita 2 haina. Kama mgonjwa wetu angekuwa na msinyao huohuo kwenye tawi dogo na FFR ikasoma 0.88, angeondoka na dawa za vidonge, bila stenti, yaani kijirija cha waya kinachowekwa ndani kuupanua mshipa, na uamuzi huo ungekuwa sahihi.

FFR nayo ina mitego. Adenosini isipofanya kazi vizuri, namba inabaki juu kwa uongo. Kahawa au chai nzito kabla ya kipimo ni sababu mojawapo, kwani kafeini huipinga adenosini. Kwa hiyo ukiambiwa usinywe, usinywe.

Mama ana kisukari cha miaka mingi. Ripoti inasema "diffuse disease" lakini hakuna asilimia kubwa. Mbona ana maumivu?

Hapa ndipo asilimia inapokwama. Hesabu yote inategemea kuwepo kipande kizima cha kulinganishia. Kwa wagonjwa wengi wa kisukari cha muda mrefu, mafuta hutanda kwenye mshipa mzima. Mshipa uliopaswa kuwa na milimita 3.2 una milimita 2.0 kutoka juu hadi chini. Palipobana zaidi pana 1.2. Ukilinganisha na jirani yake unapata asilimia 40, na ripoti itasema kidogo. Ukilinganisha na mshipa ulivyotakiwa kuwa, ni zaidi ya 60, tena kwa urefu mrefu.

Dalili za kuutambua mshipa wa namna hiyo zipo, ukizitafuta. LAD inakuwa nyembamba kuliko katheta ya milimita 2 tangu karibu na chanzo chake. Matawi ni machache na yanaisha mapema. Mshipa haupungui unene taratibu kama inavyotakiwa, bali unabaki na wembamba uleule mwanzo hadi mwisho. Msomaji makini ataandika "diffuse" na kutaja vipenyo kwa milimita badala ya kutegemea asilimia. Mama asiambiwe moyo wake ni mzima kwa sababu tu hakuna namba kubwa. Stenti kwenye mshipa kama huo huwa ngumu, kwa kuwa hakuna mahali pazuri pa kuanzia wala kuishia, na mazungumzo huhamia kwenye dawa au, mwisho wa mshipa ukiwa bado unafaa kushonewa, upasuaji wa kupandikiza mishipa.

Waliona msinyao, wakaweka dawa, ukatoweka. Je, haukuwepo?

Yawezekana mshipa ulikuwa umekakamaa tu. Ncha ya katheta ikigusa mdomo wa RCA, mshipa unaweza kujikaza na kuonyesha msinyao laini wenye kingo safi, karibu kabisa na ncha. Nitroglisirini ndani ya mshipa, mikrogramu 100 hadi 200 presha ikiruhusu, huulegeza. Kwa maoni yangu, hakuna msinyao unaopaswa kupimwa kabla nitroglisirini haijatolewa, isipokuwa presha iko chini.

Kuna na ule unaokuja na kuondoka kwa kila pigo: unabana moyo unapojikaza, unafunguka moyo unapolegea. Hilo ni daraja la msuli, sehemu ambapo LAD imepita ndani ya nyama ya moyo. Video inalionyesha wazi, picha moja iliyosimama haiwezi. Ndiyo maana vipimo huchukuliwa kwenye fremu ya moyo ukiwa umelegea.

Nina 40 na sikuwekewa stenti. Basi sitapata shambulio la moyo?

Hakuna anayeweza kukuahidi hivyo. Mwaka 1987 Seymour Glagov na wenzake walionyesha kwamba ukuta wa mshipa hutanuka kwenda nje kadiri mafuta yanavyoongezeka, na njia ya damu haianzi kupungua hadi mafuta yachukue karibu asilimia 40 ya eneo la ndani ya ukuta. Kwa hiyo anjiogramu inaweza kuonekana safi huku ukuta ukiwa na mzigo. Utando mdogo wa mafuta hayo ukipasuka, damu huganda juu yake, na mshipa uliokuwa na 40 asubuhi unakuwa na 100 jioni. Dawa ya kolesteroli, dawa ya presha na kuacha sigara vinashughulikia ukuta huo. Stenti inashughulikia mahali pamoja tu.

Baba mshipa wake umeziba asilimia 100 na bado anatembea shambani. Inawezekanaje?

Kuziba taratibu huupa moyo muda wa kupanua vijishipa vya msaada kutoka mshipa wa jirani. Kwenye filamu utaona dawa ikisukumwa upande wa kulia, lakini baada ya sekunde chache LAD iliyoziba inajaa kutoka chini kwenda juu, kinyume na kawaida. Kuziba kwa aina hii kukidumu miezi mitatu au zaidi huitwa CTO, na hakutibiwi kwa haraka ile ya shambulio la moyo.

CT ilisema 70, anjiogramu ya katheta ikasema 45. Nidai fedha zangu?

Usidai. Chokaa iliyo ukutani hung'aa kwenye CT na kuonekana nene kuliko ilivyo, hivyo njia ya damu inaonekana nyembamba. CT ni hodari zaidi pale inapokuambia hakuna kitu.

Niombe nini kabla ya kuondoka hospitalini?

Omba filamu yenyewe kwenye CD au flashi, si karatasi peke yake. Faili huwa za DICOM na hufunguka kwa programu za bure kwenye kompyuta. Hakikisha zimewekwa pembe zote, si ile moja inayoonyesha stenti ilivyokaa vizuri. Kama waya wa presha ulitumika, omba namba ya FFR au iFR iandikwe pamoja na jina la mshipa na kipande chake, maana 0.76 bila kujua ni ya mshipa gani haitamsaidia daktari wa hospitali nyingine. Na kama uliwekewa stenti, kadi yake ina kipenyo na urefu kwa milimita, kwa mfano 3.0 x 18. Iweke pamoja na CD.